Kabla hujaandika logi, tazama alama iliyo katikati

Kwizi iliyonifundisha logi ni ile niliyopata 3 kati ya 10. Nilikuwa kidato cha pili, hapa hapa Tabora. Maswali yalikuwa kumi, tukapewa nusu saa. Kikokotoo kilikuwa marufuku, tulichoruhusiwa ni kitabu cha majedwali ya tarakimu nne tu. Kila swali lilikuwa na dakika tatu, na la pili peke yake lilinila saba. Nimelikumbuka mpaka leo:

2ˣ⁺¹ + 2ˣ = 15

Kichwani nilikuwa na sentensi moja niliyoikariri: x ikiwa juu, ingiza logi pande zote mbili, itashuka. Basi nikaingiza. Nikaandika (x+1)log 2 + x log 2 = log 15, nikafungua majedwali, nikapata 2x + 1 = 1.1761 ÷ 0.3010, yaani 3.907, na x = 1.454 hivi. Hesabu za kugawanya nilizifanya kwa makini kweli kweli, desimali zote mahali pake. Nikapata sifuri.

Siku hizi jioni huwa nakaa barazani kwetu Isevya na vijana watano sita wa twisheni, na kosa hilo hilo nakutana nalo karibu kila muhula. Anayelifanya mara nyingi si mvivu. Kanuni zote tatu anazijua: logi ya kuzidisha ni jumla ya logi, logi ya kugawanya ni tofauti ya logi, na kipeo kinashuka mbele ya logi kikawa kizidisho. Akikutana na alama ya kujumlisha anajitungia ya nne, kwamba logi ya jumla nayo ni jumla ya logi. Hiyo haipo. John Napier, Mskoti, alipotoa majedwali yake ya kwanza mwaka 1614, shida aliyokuwa anaitatua ni ya watu waliochoka kuzidisha na kugawanya namba ndefu. Logi inageuza kuzidisha kuwe kujumlisha. Ukiiletea kitu ambacho tayari kimejumlishwa, haina la kukifanya.

Ukitaka kuona nilichofanya siku ile, rudisha nyuma mstari wangu wa kwanza. (x+1)log 2 + x log 2 ni logi ya 2ˣ⁺¹ × 2ˣ. Kwa hiyo nilitatua swali la kuzidisha, nikalitatua vizuri, ila mtungaji hakuliuliza. Anayepanda treni stesheni yetu atanielewa: mabehewa ya Mwanza na ya Kigoma yanafika hapa pamoja, halafu yanaachana. Ukikaa behewa silo, safari itakuwa nzuri tu, ila utaamkia Uvinza wakati nduguzo wanakusubiri Shinyanga.

Sasa njia yenyewe. Ukiona vipeo vimeunganishwa kwa kujumlisha au kutoa, usiguse logi kwanza. Tafuta kinachojirudia ukitoe nje ya mabano. Hapa 2ˣ⁺¹ ni 2 × 2ˣ, kwa hiyo upande wa kushoto una 2ˣ mbili, ukiongeza na moja, zinakuwa tatu:

3 × 2ˣ = 15
2ˣ = 5

Hapo 2ˣ iko peke yake upande mmoja, haina jumla wala tofauti ya kuisumbua. Logi inaruhusiwa kuingia: x log 2 = log 5, na x = log 5 ÷ log 2. Majedwali yanafunguliwa sasa, si kabla: 0.6990 ÷ 0.3010 ni 2.322. Mimi nilikuwa nafungua kitabu mapema, nabeba desimali nne nne kutoka mstari hadi mstari, na kila nikinakili naweza kukosea tarakimu. Acha log 2 ibaki log 2 mpaka x isimame peke yake. Mara nyingine utakuta hata hukihitaji kitabu: swali kama 3ˣ⁺² − 3ˣ = 72 linakuwa 8 × 3ˣ = 72, halafu 3ˣ = 9, na x ni 2. Sekunde arobaini.

Kuna mtego mdogo pale kwenye log 5 ÷ log 2. Wengi mkono unawatoroka wanaandika log 5 − log 2, wanapata 0.398. Kanuni ya kutoa ni ya logi ya 5 ikigawanywa kwa 2, kugawanya kukiwa ndani. Hapa logi mbili zimekwisha kuwa namba, na unagawanya namba kwa namba.

Utajuaje umekosea, na msimamizi ameshatangaza zimebaki dakika tano? Kwa maswali ya vipeo kuna ukaguzi wa sekunde kumi ambao mimi sikuwa naujua. Weka namba nzima kwenye swali la mwanzo. x ikiwa 1, 2ˣ⁺¹ + 2ˣ inakuwa 4 + 2, ni 6. x ikiwa 2, ni 12. x ikiwa 3, ni 24. Kumi na tano iko kati ya 12 na 24, kwa hiyo x lazima iwe kati ya 2 na 3. Jibu langu la 1.454 lingeonekana uongo papo hapo, na hilo la 0.398 pia. Ukaguzi huu haukwambii kama desimali ya tatu ni sahihi, lakini makosa ya kanuni karibu yote unayakamata.

Alama ikiwa ya kuzidisha, au kila upande una kipeo kimoja tu, mambo ni mepesi zaidi, hata vizio vikiwa tofauti. Chukua 3ˣ = 2ˣ⁺¹. Ingiza logi moja kwa moja: x log 3 = (x+1) log 2. Kinachowaangusha wanafunzi hapa ni mabano. Wakiyasahau wanapata x + 1 log 2, ile x ya kulia inabaki bila logi yake, na jibu linatoka hasi. Yaweke, kisha yafungue: x log 3 = x log 2 + log 2. Kusanya x upande mmoja, x(log 3 − log 2) = log 2, na x = 0.3010 ÷ 0.1761, kama 1.709. Kagua: x ikiwa 1 kushoto ni 3 na kulia ni 4. Ikiwa 2, kushoto ni 9 na kulia ni 8. Wamepishana kati ya 1 na 2. Endelea na swali lingine.

Lililobaki ni aina ya pili, ambayo x imefichwa ndani ya logi badala ya kukaa juu. Huku mwendo unageuka: badala ya kuingiza logi, unaziunganisha zibaki moja, kisha unaiondoa. Mwezi uliopita binti mmoja wa kidato cha tatu alikuja na hili kutoka kwenye jaribio lake:

log₂(3 − x) + log₂(1 − x) = 3

Alikuwa amefanya vizuri. Jumla ya logi ni logi ya kuzidisha, kwa hiyo (3 − x)(1 − x) = 2³, yaani 8. (Kuna wanaoandika 3 peke yake pale kulia, wakasahau kwamba logi ikiondoka, kizio chake kinabaki kikibeba kile 3 kama kipeo.) Akafungua mabano, x² − 4x + 3 = 8, akapata x² − 4x − 5 = 0, na majibu mawili: x = 5 au x = −1. Halafu akakata −1 kwa mstari mnene na kuzungushia duara 5. Mwalimu wake akamwekea kosa.

"Kaka, hasi si tunatupa?" akaniuliza.

Nikamwambia aweke 5 kwenye swali, siyo kwenye ule mlinganyo wa mwisho. Akaandika 3 − 5, akapata −2. Akaandika 1 − 5, akapata −4. Akanyamaza. Logi ya namba hasi haipo, kwa sababu 2 ukiipandisha kwa kipeo chochote kile haiwezi kukupa hasi. Halafu akaweka −1: 3 + 1 ni 4, na 1 + 1 ni 2. Log₂ ya 4 ni 2, log₂ ya 2 ni 1, jumla 3. Jibu ni lile alilolikata.

Lile 5 lilitoka wapi basi, kama hesabu yake haikuwa na kosa? Lilizaliwa pale tulipounganisha logi. −2 mara −4 ni 8, hasi mbili zimefichana zikatoa chanya, na logi ya 8 haina tatizo lolote. Kabla ya kuunganisha, kila bano lilitakiwa kuwa chanya lenyewe. Baada ya kuunganisha, kinachotakiwa ni zao lao tu liwe chanya, na hilo ni sharti legevu zaidi. Ndiyo maana kukagua kwenye mstari wa tatu au wa nne hakusaidii, maana 5 inapita huko kote bila wasiwasi. Inakamatwa kwenye mstari wa kwanza tu.

Kwa hiyo kinachotupwa si x hasi. Kinachotupwa ni x inayofanya kilicho ndani ya logi kuwa hasi au sifuri. Kwenye maswali mengi ya vitabuni ndani kuna x yenyewe au x ikitolewa namba, kama log x + log(x − 3) = 1, ambako majibu ni 5 na −2, na kweli −2 ndiyo inayotupwa. Mwanafunzi akifanya kumi ya namna hiyo mfululizo, anajitengenezea kanuni ya kutupa hasi bila hata kujua ameitengeneza. Sasa wanangu wa barazani nawaambia kabla ya kuanza waandike pembeni, kwenye nafasi ya rafu, x inaruhusiwa iwe wapi. Kwa swali lile la binti, 3 − x na 1 − x zote ziwe chanya maana yake x iwe chini ya 1. Maneno mawili matatu tu, "x chini ya 1", na mwishoni huhitaji kurudisha namba yoyote: 5 inaanguka yenyewe.

Binti alilichukua daftari lake akaanza kurudi nyuma kurasa kadhaa. Alipata maswali mengine mawili aliyokuwa amekata jibu zuri. Moja mwalimu alikuwa amelitiki.