Mama anazidi kukonda kwa kaka: nikisema, nitakuwa nimekata udugu?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mama yetu yuko Tanga kwa kaka, mimi niko Maskati natuma pesa kila mwezi. Likizo nimemkuta amekonda, ana kidonda kiunoni na ananuka mkojo. Nikimpigia simu, wifi hambanduki. Kaka anasema ni uzee tu. Nikisema, naogopa kukata udugu.

JIBU: Wa alaykum salaam. Uzee hukondesha, lakini hicho kidonda kina sababu yake. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila saa 2. Akiachwa upande mmoja juu ya shuka lenye mkojo, ngozi hufa. Hata anayetunzwa vizuri huweza kukipata, kwa hiyo la kuuliza ni je, kinasafishwa, na ameshapelekwa hospitali?

Kabla ya kumhukumu kaka, hakikisha. Suratul Hujuraat, aya ya 6, inatuamrisha kuchunguza habari. Mwombe mama mdogo aende bila kuaga, amwogeshe yeye mwenyewe. Hapo ataona visigino na nyonga, na kama mikononi kuna alama za vidole. Ngozi ya mzee huvilia damu upesi, hasa akitumia dawa za kuzuia damu kuganda, basi alama moja isiwe hukumu. Ahesabu vidonge pia: dozi ya siku 30 ya kidonge kimoja kwa siku ikifika siku ya 20 na vimebaki 25, hapewi dawa ipasavyo. Kisha azungumze na mama wakiwa wawili tu. Mzee aliyeanza kusahau huweza kudai ameibiwa bila kuibiwa, lakini akinyamaza ghafla kila wifi anapoingia, hilo lishike.

Kuhusu udugu, Mtume (s.a.w.) amesema umsaidie ndugu yako akiwa dhalimu au amedhulumiwa, na kumsaidia dhalimu ni kumzuia dhuluma yake. Kumkanya kaka hakukati udugu.

Ila nawe jiulize nani anayembeba mama pale nyumbani. Nadhani ni wifi, na kisheria kumhudumia mama mkwe si wajibu wake. Akifanya ni hisani. Wajibu ni wenu watoto, na pesa yako haikuondolei sehemu yako yote. Mwiteni mjomba, kaeni kikao, mgawane: mtu wa kulipwa amwogeshe na kumgeuza, mmoja ashike kliniki, mwingine amchukue kwa zamu ili kaka apumzike. Mama aulizwe kwanza anataka kukaa kwa nani.

Ikibainika anapigwa, ananyimwa chakula au anafungiwa, msingoje kikao. Mtoeni siku hiyo hiyo, mpelekeni hospitali, na mkamwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au dawati la jinsia na watoto la polisi. Kumshtaki anayedhulumu kwa mwenye uwezo wa kumzuia si kusengenya. Wanazuoni wamelihesabu miongoni mwa yanayoruhusiwa.