Kura ya kikao imetoka sare

"Watu 12, kura ya kuchagua muda wa kikao kwenye Doodle imetoa 9 kwa 9: Jumanne 10:00 na Alhamisi 15:00. Nichague ipi?"

Usihesabu vichwa kwanza, angalia nani anakosekana. Kama ajenda ni bajeti na Jumanne mweka hazina hayupo, Jumanne imekufa hata ingepata 11. Wa lazima wakiwepo siku zote mbili, tenganisha majibu ya "ndiyo" na "ikibidi": "ndiyo" 8 na "ikibidi" 1 inaishinda 5 na 4, kwa sababu wa "ikibidi" ndio huomba udhuru asubuhi yake. Bado sare? Chukua ya mapema, ufunge kura leo; ukingoja wiki, nafasi walizokuachia zitajazwa na mengine.

"Si bora kupiga kura upya?"

Hapana, wengine hawatarudi kujibu. Labda umuulize mmoja wa wale 3 wanaokosa siku husika kama anaweza kusogeza ratiba yake.