Re: Wawekezaji wa nje wakiondoka, kwa nini wenyeji wafilisike?

"Pesa ni za wageni na wameondoka nazo. Kwa nini kampuni za wenyeji nazo zife?"

Habari mkuu. Angalia kwanza deni lilikuwa la sarafu gani na lilipaswa kulipwa lini. Chukua Thailand, 1997. Kwa miaka mingi dola moja ilishikiliwa kwenye baht 25 hivi, na mkopo wa dola ulikuwa na riba nafuu kuliko wa ndani. Basi watu wa Bangkok wakakopa dola za muda mfupi, wakajenga maghorofa. Aliyekopa dola milioni 1 alidaiwa baht milioni 25, na wapangaji wake walimlipa kwa baht.

Wakopeshaji walipoanza kudai chao, wote wakatafuta dola kwa wakati mmoja. Benki kuu iliitetea baht mpaka ikaishiwa nguvu, ikaiachia 2 Julai. Januari 1998 dola ilikuwa imevuka baht 50. Mjenzi yuleyule sasa anadaiwa zaidi ya milioni 50, kodi ya pango ni ileile, na wapangaji wanahama. Akishindwa kulipa, aliyemkopesha anaanguka naye: Desemba 1997 serikali ilifunga moja kwa moja kampuni 56 za fedha. Hata fundi asiye na deni la dola akakosa mkopo wa kununulia saruji.

Kupima hatari hiyo, mimi hulinganisha deni la nje linaloiva ndani ya mwaka na akiba ya dola ya benki kuu. Lakini chungulia ndani ya hiyo akiba: ya Thailand ilionekana nono, kumbe sehemu kubwa ilishaahidiwa kwenye mikataba ya kuuza dola baadaye.