Konyeza alimuunguza mpwa wangu Tanga, na sisi watu wa Moshi tukazidisha

Sisi wa Moshi bahari tunaijua kwa likizo tu, kwa hiyo Desemba tulivyoenda Tanga hakuna aliyewaza habari za konyeza (wengine mnamwita jelifishi). Mpwa wangu wa miaka 11 hata nusu saa hajamaliza majini, katoka analia, mguuni ana michirizi myekundu imevimba kama kachapwa fimbo, na vinyuzi laini kama tambi vimemng'ang'ania.

Hapo ndo tulipoharibu. Mimi nikammwagia maji ya kunywa ya chupa, shemeji akashika mchanga akaanza kusugua, mwingine anasema mtoto akojolewe. Kilio kikapanda mara mbili! Kuna mvuvi alikuwa anashona nyavu, akaja akasema acheni jamani mnamuua kwa maumivu.

Iko hivi, vile vinyuzi vina vifuko vidogo sana, macho hayavioni, na kila kimoja kina kijisindano cha sumu kimejikunja ndani. Vingi vinabaki ngozini bado havijafyatuka, sasa ukimwaga maji yasiyo na chumvi au ukisugua unavifyatua wewe mwenyewe. Mkojo, pombe kali na spiriti navyo ni hatari ile ile. Siki inasaidia kwa aina fulani za konyeza ila kwa nyingine inaongeza moto, kwa hiyo kama hujui ni yupi aliyekuuma tumia maji ya bahari tu.

Mvuvi akachota ya bahari, akawa anamimina taratibu bila kusugua, vinyuzi vilivyobaki tukavinyofoa kimoja kimoja kwa kibanio cha nyusi cha wifi, mkono umevalishwa mfuko wa plastiki.

Baada ya hapo ndo joto, maana joto linapunguza makali ya sumu na maumivu. Inatakiwa kama nyuzi 42 hadi 45, na kipimajoto ufukweni utakipata wapi, tukaomba maji ya moto kwa mama lishe tukachanganya kwenye beseni, nikaweka kiwiko changu mimi kwanza. Usipime kwa aliyeumwa, ngozi yake imeshachanganyikiwa atajiunguza bila kujua. Yawe ya moto ila kiwiko kinavumilia. Yakipoa mtoe mguu kwanza ndo uongeze ya moto. Kama dakika 10 hivi kilio kikakata, tukaendelea mpaka 30.

Angevimba uso, angepumua kwa shida, angetapika au kifua kingembana, beseni tungeliacha hapo hapo tukakimbilia hospitali, na jichoni pia ni hivyo hivyo.

Tumerudi Moshi, siku ya nne michirizi ikaanza kuwasha upya, nikadhani kaoza mguu! Duka la dawa wakanipa krimu ya haidrokotisoni wakasema hiyo huwa inatokea. Alama zilikaa wiki kadhaa, shuleni akawa anawaonyesha wenzake anasema kapigwa na papa.