Waraka wa bodi wa mapitio ya mishahara: athari za kifedha zinaandikwaje?

*Habari za kazi, kaka. Mimi ni ofisa utumishi wa SACCOS yenye watumishi 31. Muundo wetu wa mishahara ni wa 2017. Karani wa miaka 8 analipwa 640,000, na aliyeajiriwa Januari hii analipwa 630,000. Niliandika waraka wa bodi nikapendekeza nyongeza ya asilimia 10 kwa wote. Mishahara yote kwa mwezi ni shilingi milioni 25, kwa hiyo nikaweka gharama ya milioni 30 kwa mwaka. Umerudishwa na maneno mawili tu: "Njia mbadala hazipo, athari za kifedha hazijakamilika." Mapato yetu ya mwaka jana yalikuwa milioni 950 na ziada milioni 118. Nimekosea wapi?*

Dada, tatizo lako umelitaja mwenyewe kwenye barua, ila sidhani kama liliingia kwenye waraka. Ni zile shilingi 10,000 zinazomtofautisha karani wa miaka 8 na mgeni wa Januari. Ukiwapa wote asilimia 10, mmoja atapata 704,000 na mwingine 693,000. Tofauti inakuwa 11,000. Fedha zimetoka, na karani wako mzoefu bado ana sababu ileile ya kuondoka. Mjumbe wa bodi aliyezoea kusoma hesabu anaiona hiyo mara moja. Kwa hiyo anza waraka na jambo hilo kabla ya kutaja asilimia yoyote: onyesha watumishi wangapi wenye miaka mitano au zaidi wanalipwa karibu sawa na walioingia juzi, na wangapi wa kundi hilo wameacha kazi katika miaka miwili iliyopita. Hayo yote yamo kwenye mafaili yako.

Tuje kwenye gharama. Milioni 30 ulizoandika ni mishahara ghafi tu. Juu ya kila shilingi ya mshahara mwajiri analipa asilimia 10 ya NSSF, SDL kwa kuwa mna watumishi 10 au zaidi, na nusu asilimia ya WCF. Nikitumia SDL ya asilimia 3.5, iliyoanza Julai 2023, jumla inafika asilimia 14. Viwango hivi hubadilika na bajeti ya serikali, kwa hiyo weka vilivyopo mwezi unaoandika waraka na uvitaje. Kwa hesabu hii, nyongeza yako ya milioni 30 inawagharimu wanachama milioni 34.2. Kwa waraka wa bodi, upungufu wa milioni 4.2 unatosha kabisa kuurudisha.

Kosa la pili ni la kukosa msingi wa kulinganishia. Nikiwa ofisa kijana niliwahi kuandika waraka wa aina hii kwa taasisi moja, nikaandika kwamba kuacha mambo yalivyo "hakuna gharama". Mwenyekiti aliniuliza: nyongeza ya kila mwaka mnaisimamisha? Sikuwa na jibu. Kama mnatoa nyongeza ya mwaka ya asilimia 3, kwa mfano, basi hata bodi isipoamua chochote gharama yenu ya mishahara, pamoja na michango, inapanda kwa 10,260,000. Hiyo ndiyo Njia A, na ni lazima iwe na tarakimu. Gharama ya pendekezo lako ni ile inayozidi hapo.

Njia B iwe ile ya asilimia 10 kwa wote. Usiifute. Iweke kwa haki, na faida zake: inaeleweka upesi, inatekelezwa mwezi huohuo, haimwachi mtu akilalamika. Kisha eleza kwamba meneja wa 1,800,000 anapata 180,000 na mhudumu wa 400,000 anapata 40,000, na makarani wanabaki wamebanana vilevile.

Njia C ndiyo mapitio ya muundo wenyewe, na hapa utumie muda wako mwingi. Chukua daraja la makarani. Weka kiwango cha kuanzia 600,000 na ukomo 840,000, na katikati ngazi za 40,000 kila moja: 640, 680, 720, hadi juu. Kisha amua kanuni ya kuwaingiza watu. Mimi napendelea kanuni ya sehemu mbili. Kwanza, kila mtumishi anasogezwa hadi ngazi iliyo sawa na mshahara wake au iliyo juu yake kidogo, ili asiwepo anayepungukiwa. Pili, anapewa ngazi moja kwa kila miaka miwili aliyoitumikia katika daraja hilo, na mnachukua iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Mgeni wa Januari anaingia 640,000. Karani wa miaka 8 anapata ngazi nne juu ya mwanzo, yaani 760,000. Tofauti yao imetoka 10,000 hadi 120,000.

Usifanye hesabu hii kwa mkono kwa watu 31. Kwenye Excel, mshahara wa sasa ukiwa safu ya D na miaka katika daraja safu ya E, fomula ya daraja hili ni hii:

```
=MAX(D2,MIN(840000,MAX(CEILING(D2-600000,40000),INT(E2/2)*40000)+600000))
```

Ile `MAX(D2,` ya mwanzo usiiondoe. Bila hiyo, mtu ambaye tayari analipwa juu ya ukomo atashushwa na fomula kimyakimya, nawe utapeleka bodini punguzo la mshahara ambalo hukulikusudia. Masharti ya ajira hayabadilishwi upande mmoja. Sheria ya kazi inataka mtumishi ashauriwe. Watu hao, na karibu kila ofisi inaye dereva mmoja wa siku nyingi wa namna hiyo, mshahara wao unabaki palepale hadi muundo uwafikie. Taja idadi yao kwenye waraka.

Tuseme umemaliza madaraja yote, na sehemu ya kwanza ya kanuni imegharimu 650,000 kwa mwezi, na ya pili, ya kutambua uzoefu, 1,950,000. Jumla ni 2,600,000 kwa mwezi, au 35,568,000 kwa mwaka pamoja na ile asilimia 14. Tazama ilivyokaribiana na Njia B. Ukizipanga mbili hizi kando kwa kando, bodi itaona kwamba kwa gharama ya karibu kiasi kilekile, njia moja inatibu tatizo na nyingine inalipita.

Kuna kishawishi hapa, nami nakuomba ukikwepe. Utaambiwa ugawe utekelezaji: sehemu ya kwanza ianze Januari, ya pili Julai. Ni ushauri mzuri kwa mtiririko wa fedha, na mwaka wa kwanza gharama inashuka hadi 22,230,000. Lakini ukiandika tarakimu hiyo peke yake umeipotosha bodi, kwa sababu mwaka wa pili zile 35,568,000 zinakuja zote, na hazirudi nyuma tena. Mshahara ukishapanda haushuki. Andika mwaka wa kwanza na wa pili kwenye mstari mmoja, kila mara.

Sasa lipo swali ambalo kwenye SACCOS litaulizwa kabla ya mengine yote: gawio litakuwaje? Wajumbe wa bodi ni wanachama, na wao ndio watakaosimama mbele ya mkutano mkuu kutetea makisio. Wajibu humohumo ndani ya waraka. Ziada ni milioni 118. Mwaka wa pili Njia C inaondoa 35,568,000, na kupanda kwa kawaida kwa miaka miwili kunaondoa 20,520,000 (nimechukulia kupanda ngazi kutagharimu sawa na ile nyongeza ya asilimia 3, lipime kwa watu wako). Mapato yasipoongezeka hata shilingi, ziada inabaki kama milioni 62. Ili ziada isiguswe, mapato yanatakiwa yapande kwa karibu asilimia 6 ndani ya miaka miwili, matumizi mengine yakibaki yalivyo. Hapo bodi ina kitu cha kupima. Wanaijua kasi ya mikopo yenu na kiwango cha marejesho kuliko mimi, na watasema kama asilimia 6 inafikika. Kama mwaka jana mapato yalishuka, liandike pia, na upendekeze sehemu ya pili ya kanuni isianze mpaka mapato ya nusu mwaka yafikie makisio.

Madeni yanayokua pamoja na mshahara husahaulika sana. Siku za likizo zilizolimbikizwa, kiinua mgongo cha walio kwenye mikataba, na malipo ya kuachishwa kazi (siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10) yote huhesabiwa kwa mshahara mpya. Karani wako mwenye likizo ya siku 40 hajalipwa chochote zaidi leo, lakini deni lake limepanda siku bodi ilipogonga muhuri. Mwombe mhasibu tarakimu moja ya jumla. Mkaguzi ataitafuta hata kama hamkuiweka.

Ongeza pia aya fupi ya kinachomfikia mtumishi. Karani anayetoka 640,000 kwenda 760,000, baada ya NSSF yake na PAYE, mkononi anatoka 544,800 hadi 631,200. SACCOS imetoa 136,800, yeye amepokea 86,400. Bodi ikilijua hilo mapema haitashangaa watumishi wakisema nyongeza ni ndogo, na wewe hutaahidi 120,000 kwenye kikao cha wafanyakazi.

Kiambatisho cha mishahara kisiwe na majina. Weka cheo, daraja, mshahara wa sasa na mpya. Majina yabaki kwenye faili lako. Na mshahara wa meneja mkuu utoe kabisa kwenye waraka huu. Yeye ndiye anayeuwasilisha, na hawezi kuwa anajiombea. Uandikiwe waraka wake, ujadiliwe akiwa nje ya kikao.

Mwisho wa waraka, ombi liwe la kuamulika, lenye tarehe na kikomo cha fedha. Mimi ningeliandika hivi: "Bodi inaombwa kuridhia Njia C, kuidhinisha sehemu ya kwanza ianze Januari na ya pili Julai, kwa gharama isiyozidi shilingi 22,230,000 mwaka wa kwanza na 35,568,000 mwaka wa pili, na kuagiza kiasi hicho kiingizwe kwenye makisio yatakayopelekwa mkutano mkuu." Barua za watumishi zisitoke kabla mkutano mkuu haujapitisha makisio hayo.