Unasaini Jumatatu? Kaombe kwanza jedwali la marejesho

"Wakuu, nina duka la vifaa vya ujenzi Kibaha, nataka mkopo wa milioni 10. Benki ya kwanza riba 1.5% kwa mwezi. Ya pili 24% kwa mwaka, wanasema ni riba inayopungua. Ya tatu ni taasisi ndogo, haitaki hati ya nyumba, kadi ya bodaboda inatosha. Makato sijauliza bado. Naelekea ya kwanza maana ndiyo nafuu, nasaini Jumatatu. Miezi 12 au 24? Na dhamana ipi salama?"

Mkuu, usisaini. Nimesoma hiyo "ndiyo nafuu" yako nikaweka kikombe cha chai chini, maana mwaka 2019 nilisema maneno hayo hayo, kwa kiasi hicho hicho cha milioni 10, kwa riba hiyo hiyo ya moja na nusu kwa mwezi. Nashona na kuuza sare za shule Morogoro. Hesabu nilipata C, kwa hiyo atakayetaka kucheka acheke sasa tumalizane.

Nilipiga hesabu kama unavyopiga wewe: moja na nusu mara 12 ni 18 kwa mwaka. Benki nyingine ilikuwa 24. Nani anachagua 24 akiiacha 18? Afisa mikopo akanichekea vizuri, akaniita "bosi", akaniambia benki ile nyingine wanaua wafanyabiashara. Kwa kuwa dhamana ilikuwa nyumba tunayoishi, ilibidi mke wangu naye aje asaini. Ndivyo Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyotaka, nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzako. Akakaa pale, akasoma, akauliza swali moja: "Hiyo moja na nusu ni ya hela ipi, ya mkopo wote au ya deni lililobaki?" Afisa akacheka, akasema mama usiwe na wasiwasi, ni utaratibu wa kawaida. Mimi nikamkonyeza mke wangu aache kunichelewesha. Hilo konyezo limenigharimu kuliko cherehani zangu zote.

Ilikuwa ni ya mkopo wote. Wenyewe wanaiita flati. Maana yake riba inapigwa kwenye milioni 10 kila mwezi, kuanzia wa kwanza hadi wa 12, hata zile ulizokwisharudisha. Kila mwezi 150,000. Mwezi wa mwisho nilikuwa nadaiwa 833,000 na ushee tu ya mkopo wenyewe, lakini riba bado 150,000, yaani asilimia 18 ya nilichobakiza, ndani ya mwezi mmoja! Jumla ya riba ikawa 1,800,000, na rejesho 983,333 kila mwezi.

Sasa ile 24 niliyoikimbia. Ni asilimia 2 kwa mwezi, lakini ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza riba ni 200,000, wa pili 185,000, inashuka hivyo hivyo hadi mwezi wa mwisho inakuwa kama 18,500. Rejesho ni 945,596 na riba yote kwa mwaka haifiki 1,350,000. Kwa hiyo 24 yao ilikuwa nafuu kuliko 18 yangu kwa zaidi ya laki nne. Namba kubwa ndiyo ilikuwa ndogo. Nilikuja kuigundua nikiwa nimekaa kitandani na kalamu ya mtoto, saa sita usiku.

Na hapo sijagusa makato. Siku hela inaingia nilikuwa Kariakoo, mbele ya mwenye vitambaa, mzigo umeshafungwa. Simu ikalia, nikafungua ujumbe: 8,350,000. Nikadhani wamekosea. Nikapiga simu, kumbe ada ya kushughulikia mkopo asilimia 2, bima asilimia 1, mthamini na uandikishaji wa rehani 350,000, vyote vimekatwa juu kwa juu. Halafu milioni 1 nzima wameizuia kwenye akaunti kama amana ya dhamana, sirudishiwi mpaka nimalize, na haizai kitu. Yaani wameshika nyumba yangu na bado wameshika na hela yao wenyewe, na mimi nalipia riba ya hela ambayo haijatoka mlangoni kwao. Mzigo nilipungukiwa milioni na ushee. Nilizitoa wapi? Kausha damu. Hiyo hadithi siielezi hapa, shemeji yangu yumo humu jukwaani na ndiye aliyenipeleka.

Kama una Eksel kwenye simu, andika hivi uone mkopo wangu ulikuwa wa aina gani:

```
=RATE(12,-983333,8350000,1000000)
```

Namba ya kwanza ni miezi, ya pili rejesho, ya tatu kilichoingia mkononi, ya mwisho ni ile amana unayorudishiwa. Jibu ni kama asilimia 4.6 kwa mwezi. Nilisaini moja na nusu.

Kuna na shimo lingine. Mwezi wa sita wa mkopo shule moja ikanilipa deni kubwa, nikaenda na hela nifunge mkopo mapema nipumue. Nikaambiwa salio ni 5,900,000, yaani marejesho sita yaliyobaki na riba yake yote ndani. Kumbe kulipa mapema hakunipunguzii hata senti. Kwenye ile ya 24 salio mwezi huo lingekuwa kama 5,300,000. Yule afisa niliyemtafuta anieleze alikuwa kahamishiwa tawi jingine, "bosi" nikabaki na mlinzi.

Kwa hiyo kesho nenda benki zote, usiulize riba ni asilimia ngapi. Omba jedwali la marejesho lililochapishwa, mwezi kwa mwezi, kabla ya kusaini chochote. Weka kidole kwenye safu ya riba ushuke nacho. Namba ikiwa ile ile kuanzia juu hadi chini, hiyo ni flati, hata kama aliyekupa anaapa. Ikishuka kila mwezi, ni inayopungua. Halafu waandike kwa kalamu pembeni mambo mawili: shilingi ngapi zitaingia mkononi siku ya kwanza baada ya makato yote na amana, na nikitaka kufunga mwezi wa sita nalipa shilingi ngapi. Kwa shilingi, mkuu, siyo kwa asilimia. Atakayesema jedwali hutolewa baada ya kusaini, mwage.

Na tarehe ya rejesho la kwanza iangalie. Mimi nilichukua Oktoba, Novemba wanadai, na sare zinauzwa Januari. Wewe wa ujenzi unajua miezi yako ya mvua, sina haja ya kukufundisha.

Ukipata hayo majedwali yapige picha, funika majina, yatupie hapa. Jumapili usiku niko macho. Na mama watoto aende na wewe, umwache aulize.