Umeorodheshwa CRB kwa deni la shilingi 640? Angalia unachoomba

Kwa Kenya, kabla hujalipa chochote, chukua ripoti yako ya mikopo. Kuna kampuni tatu za kutunza taarifa za mikopo, yaani CRB, zenye leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kila moja inakupa ripoti moja ya bure kwa mwaka. Angalia zote tatu, kwa sababu unaweza kusafishwa kwenye moja huku jina likibaki chafu kwenye nyingine. Humo tafuta jina la mkopeshaji, kiasi kinachodaiwa na tarehe ulipowasilishwa.

Tuseme mtu alikopa 3,000 kwenye simu mwaka 2023, akalipa akidhani amemaliza, kumbe faini ya kuchelewa imeacha 640. Kanuni za Aprili 2020 zinakataza kumwasilisha mtu kama mdaiwa sugu kwa salio lisilofika shilingi 1,000. Tena mkopeshaji anatakiwa kumpa notisi siku 30 kabla. Kwa hiyo huyu ana madai mawili tofauti: deni lisomeke sifuri, na ile taarifa mbaya ifutwe kabisa. Wengi huomba la kwanza tu, na ndipo mambo yanapoharibika.

Deni lilipwe hata hivyo. Uliza salio siku ileile unayolipa, maana riba huenda inaongezeka, na shilingi tano zikibaki mkopo bado uko wazi. Kwenye nambari ya akaunti weka ile iliyosajiliwa na mkopo. Ukilipia kwa simu ya jirani bila kuangalia hilo, pesa zinaweza kufika zikose mwenyewe. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa, kisha umdai mkopeshaji barua yenye nambari ya mkopo, tarehe ya malipo na salio sifuri.

Sasa mwandikie mkopeshaji, kwa baruapepe, si kwa kupiga simu. Yeye ndiye aliyepeleka taarifa, na ndiye anayepaswa kuirekebisha kwenye kampuni zote alizoipeleka. Wakati huohuo wasilisha pingamizi kwa kampuni yenyewe, uambatanishe ile barua, na uandike waziwazi: "Salio lilikuwa 640, chini ya kima cha 1,000, naomba taarifa ifutwe."

Cheti cha CRB wanachodai waajiri ni kitu kingine. Kinaonyesha kwamba kwa sasa huna deni lililochelewa, na cha kwanza ni bure, lakini hakifuti historia. Aliyeorodheshwa kihalali kwa 4,000 akalipa, rekodi yake husomeka imelipwa, ila kule kuchelewa hubaki miaka 5 tangu siku ya malipo. Dalali anayeahidi kuifuta kwa ada anakula pesa zako bure.

Mkopeshaji akinyamaza, peleka malalamiko Benki Kuu ya Kenya pamoja na ripoti, barua ya malipo na nakala za baruapepe zako zenye tarehe.